Kwa Nini Ampifaya Hukwaruza Ukipunguza Sauti: Klasi B, Klasi AB na Daiodi Mbili

Ukisikia ampifaya inakwaruza ukiongeza sauti, mara nyingi umeisukuma kupita uwezo wake, au spika imechoka. Hilo halina mjadala. Lakini ipo ampifaya inayofanya kinyume: ukiongeza sauti inakuwa safi, ukipunguza inaanza kukwaruza, na sauti nyororo kabisa zinapotea. Wanachuo wenzangu tunaosoma Ualimu wa Fizikia, dalili hiyo tunapaswa kuijua, kwa sababu inatoka moja kwa moja kwenye somo la transista tunalofundisha kidato cha sita, na kwa sababu huku mtaani watu wanalipa pesa kubadilisha spika ambazo hazina kosa lolote.

Jina lake ni upotoshaji wa kuvuka. Walimu wengi na mafundi husema tu "distoshen ya krosova". Makala hii inaeleza inatoka wapi, na kwa nini daiodi mbili za bei ndogo zinatosha kuitibu. Mifano nimeichukua Kibondo na Kasulu, nilikofanya mazoezi ya kufundisha.

Kwa nini watu waliichagua klasi B

Kabla gridi ya taifa haijafika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, TANESCO ilikuwa ikizalisha umeme wa huko kwa majenereta ya dizeli, na vijiji vingi viliishi kwa betri na sola. Hata leo kwaya nyingi na mikutano ya hadhara hutumia ampifaya ya volti 12 iliyounganishwa kwenye betri ya gari au ya sola. Kwa hiyo swali la kwanza la ampifaya huko ni hili: inakula betri kiasi gani?

Tuchukue spika ya omu 8 na tutake wati 1 ya sauti. Kwa wimbi laini la sauti moja, wati 1 inahitaji kilele cha volti 4, yaani kilele cha mkondo wa ampea 0.5. Ampifaya ya klasi A yenye transista moja ya kutolea sauti lazima iwe na mkondo wa angalau ampea 0.5 unaopita muda wote, ili iwe na nafasi ya kuupandisha na kuushusha. Kwa volti 12 hizo ni wati 6. Mwimbaji akiimba, wati 6. Mwimbaji akinyamaza anywe maji, wati 6 zile zile, zote zinageuka joto.

Klasi B ilikuja kuondoa hasara hiyo. Badala ya transista moja kufanya kazi yote, ziko mbili zinazopokezana. Moja ni ya aina ya NPN, inashughulikia nusu ya juu ya wimbi. Nyingine ni PNP, inashughulikia nusu ya chini. Kukiwa kimya, zote mbili zimezimika na betri haipotezi kitu. Kwa wati 1 ile ile, wastani wa mkondo unakuwa kilele kugawanya kwa pai, yaani kama ampea 0.16, na betri inatoa wati 1.9 tu. Ukipunguza sauti, matumizi nayo yanapungua. Kwa mtu anayetegemea betri moja kwa ibada nzima ya Jumapili, tofauti hiyo si ndogo.

Pengo linatoka wapi

Ukipita misitu ya Kasulu unaweza kuwakuta wapasua mbao wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini, wanavuta msumeno mmoja mrefu kwa zamu. Klasi B ni hivyo hivyo: mmoja anavuta kwenda juu, mwenzake anavuta kwenda chini. Sasa fikiria kila mmoja anauachia mkono msumeno zamu yake ikiisha, na anaushika tena pale tu anapoona mwenzake amesimama. Kila mwisho wa zamu msumeno utasimama kidogo. Mbao itapasuka, lakini itakuwa na alama kila mahali zamu ilipobadilika.

Transista ya silikoni ina tabia hiyo ya kuchelewa kushika. Haianzi kupitisha mkondo wa maana mpaka besi yake iizidi emita kwa volti 0.6 hivi. Ile ya PNP inataka hivyo hivyo upande wa hasi. Kama besi za transista zote mbili zimeunganishwa pamoja, basi ishara yoyote iliyo kati ya volti hasi 0.6 na chanya 0.6 haimwamshi yeyote. Kuna eneo la volti 1.2 ambalo ndani yake spika haipati chochote. Na kila wimbi la sauti, liwe kubwa au dogo, lazima likatize eneo hilo mara mbili katika kila mzunguko, likishuka na likipanda.

Hapo ndipo tunapata jibu la kwa nini sauti ndogo huumia zaidi. Eneo la kimya halibadiliki ukubwa. Kinachobadilika ni wimbi. Wimbi lenye kilele cha volti 4 linapita haraka pale katikati. Ukipiga hesabu ya saini, linakaa ndani ya eneo hilo kwa nyuzi 34 hivi kati ya nyuzi 360 za mzunguko, karibu asilimia 10 ya muda. Punguza wimbi mpaka kilele cha volti 1, na sasa linakaa humo kwa nyuzi kama 147, yaani asilimia 41 ya muda. Kilele chake kinachofika kwenye spika ni volti 0.4 tu. Punguza tena mpaka volti 0.5, na hakuna kitakachosikika kabisa.

Sikio linatambua uharibifu huu upesi. Kwa sababu pengo liko sawasawa juu na chini, wimbi lililoharibika linazaa sauti za ziada ambazo ni mara tatu, mara tano na mara saba ya sauti ya asili. Mwimbaji akishika sauti ya hezi 440, ampifaya inaongeza 1,320, 2,200 na 3,080 ambazo hakuziimba. Sauti hizo za juu ndizo tunazoziita mkwaruzo. Na zinakuja hasa pale muziki unapotaka utulivu: mwisho wa ubeti, au sauti ya kinanda inapofifia.

Daiodi mbili

Dawa ni kuwafanya wapasua mbao wetu wawili wasiuachie kabisa msumeno. Kila mmoja abaki ameushika kwa mkono mwepesi hata kama si zamu yake, ili zamu ikibadilika asianze kwa kuchelewa. Kwenye ampifaya, mshiko huo mwepesi unaitwa baiasi, na ampifaya yenye baiasi ya namna hii ndiyo klasi AB.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Badala ya kuunganisha besi mbili pamoja, tunazitenganisha kwa volti ambayo iko pale muda wote, karibu volti 1.2 hadi 1.3. Nusu yake inaiamsha transista ya juu, nusu nyingine inaiamsha ya chini. Volti hiyo tunaipata kwa daiodi mbili za silikoni zilizopangwa mfululizo kati ya besi hizo, na rezista mbili, moja kutoka upande chanya wa betri na nyingine kwenda upande hasi, ili mkondo mdogo upite kwenye daiodi muda wote. Kila daiodi inashikilia volti 0.6 hadi 0.7. Ishara ikipanda, besi zote mbili zinapanda pamoja. Ikishuka, zinashuka pamoja. Lakini umbali kati yao haubadiliki.

Sasa kukiwa kimya unapita mkondo mdogo kwenye transista zote mbili, tuseme miliampea 15. Kwa volti 12 hiyo ni wati 0.18, linganisha na wati 6 za klasi A. Ishara ndogo inakuta transista zote mbili ziko macho. Ishara ikikua, moja inachukua mzigo na nyingine inaachia polepole. Pengo halipo tena.

Kwa haki lazima niseme kwamba makabidhiano hayo hayawi laini kwa asilimia mia. Baiasi ikiwa ndogo mno, pengo dogo linabaki. Ikiwa kubwa mno, betri inaliwa na transista zinapata moto, na pale katikati transista mbili zinasaidiana kuliko inavyotakiwa, hivyo wimbi linapata kosa la namna nyingine. Ampifaya nyingi huongeza mrejesho hasi, ambao unalinganisha kinachotoka na kilichoingia na kusahihisha. Lakini mrejesho peke yake juu ya klasi B tupu hautoshi. Ndani ya eneo la kimya transista zote zimezimika, kwa hiyo hata ukisahihisha hakuna wa kupokea sahihisho hilo mpaka volti ivuke pengo, na sauti za juu zinakimbia kuliko mrejesho unavyoweza kuzifuata. Baiasi kwanza, mrejesho baadaye.

Ampifaya ya kwaya mjini Kasulu

Mfano wa kazi ninao. Kwaya moja mjini Kasulu ilikuwa na ampifaya ya volti 12 iliyorudi kutoka matengenezo. Mwalimu wa kwaya alinieleza hivi: "Mwalimu, kwenye pambio iko vizuri kabisa. Tukianza wimbo wa taratibu inakoroma. Tumeshabadilisha spika, bado." Maneno hayo peke yake yalishatoa nusu ya jibu. Spika iliyochanika haipati nafuu ukiongeza sauti.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupima kwa maltimita, ampifaya ikiwa imewashwa bila ishara yoyote. Kati ya besi mbili za transista za mwisho tulipata volti 0.65. Ingetakiwa kuwa karibu maradufu ya hapo. Hatua ya pili ilikuwa kupima volti juu ya rezista ndogo mbili zilizo kwenye emita, kila moja omu 0.47. Tukapata sifuri. Maana yake hakuna mkondo wowote wa utulivu: ampifaya ilikuwa inafanya kazi kama klasi B.

Tulipoigeuza bodi tukaona sababu. Sehemu ya daiodi moja kati ya mbili kulikuwa na kipande cha waya. Daiodi ya awali bila shaka iliungua, na aliyetengeneza aliziba nafasi yake kwa waya. Nataka nimtendee haki fundi huyo, kwa sababu uamuzi wake ulikuwa na mantiki. Daiodi ya baiasi ikiungua na kukata njia, hakuna kinachoshikilia zile besi karibu. Rezista ya juu inaivuta besi moja kuelekea chanya, ya chini inaivuta nyingine kuelekea hasi, transista zote mbili zinafunguka kwa pamoja, na betri inakuwa kama imeunganishwa chanya kwa hasi. Transista zinaungua ndani ya sekunde chache. Waya ule uliikomesha hatari hiyo: ampifaya haikupata moto tena, sauti kubwa ilitoka, na mteja alilipa. Kilichopotea ni sauti ndogo, ambayo kwenye meza ya fundi sokoni, penye kelele, hakuna anayeisikia.

Tuliondoa waya, tukaweka daiodi 1N4007, na kati ya besi tukapata volti 1.27. Juu ya rezista mbili za emita kwa pamoja tulisoma milivolti 12. Gawanya kwa omu 0.94, unapata miliampea 13 hivi. Tuliiacha nusu saa ikipiga muziki, tukapima tena kuhakikisha mkondo haupandi. Spika ya zamani nayo ilirudishwa, nzima kabisa.

Joto, baridi na betri iliyochoka

Kipimo hicho cha pili, baada ya nusu saa, si cha kuruka. Volti inayohitajika kuiamsha transista ya silikoni inapungua kwa milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka. Transista mbili zikipanda nyuzi 40 juu ya joto la chumba, zinahitaji pungufu ya milivolti 160. Kama baiasi imebaki pale pale, mkondo wa utulivu unaongezeka mara kadhaa. Mkondo mwingi unaleta joto zaidi, joto linaleta mkondo zaidi, mpaka kitu kinaungua. Ndiyo maana daiodi za baiasi hugandishwa kwenye bati lile lile la kupoozea transista za mwisho. Transista zikipata moto, daiodi nazo zinapata moto, volti yao inashuka kwa kiasi kile kile, na mizani inabaki. Ukiiona daiodi imelazwa juu ya bati hilo kwa waya mrefu, usiihamishie kwenye bodi ili kupata nafasi.

Baridi inafanya kinyume. Asubuhi ya mwezi wa sita Kibondo, ampifaya ambayo baiasi yake iliwekwa kwa rezista tupu wakati wa joto itakuwa na baiasi pungufu, na itakwaruza mpaka ipate moto kidogo.

Kwa njia hiyo hiyo tunaelewa redio ndogo za betri. Wengi waliokulia huko wanazikumbuka: redio iliyoanza kukwaruza kwa sauti ya chini betri zilipokaribia kwisha, mpaka zikaanikwa juani. Redio ambayo baiasi yake inagawanywa kwa rezista peke yake inapunguza baiasi kadiri betri inavyoshuka. Kama volti 6 zilikuwa zinatoa baiasi ya 1.2, volti 4.5 zitatoa 0.9, na pengo linarudi. Daiodi zinastahimili zaidi. Mkondo wake ukipungua kwa robo, volti ya daiodi mbili kwa pamoja inashuka kidogo sana. Redio kama hiyo itapungua nguvu, lakini haitakwaruza mapema.

Jaribio la darasani

Shule nyingi hazina oskiloskopu, lakini jaribio hili halihitaji. Tafuta betri nane kubwa za volti 1.5, uzipange mafungu mawili ya nne nne, na sehemu yanapokutana iwe sifuri yako. Chukua TIP41 na TIP42, unganisha emita zao, kila moja kupitia rezista ya omu 1, kwenda kwenye spika ya omu 8, na upande wa pili wa spika uende sifuri. Kolekta ya TIP41 iende chanya, ya TIP42 iende hasi. Unganisha besi zote mbili pamoja, kisha lete sauti kutoka tundu la hedifoni la simu kupitia kapasita ya maikrofaradi 100, na waya wa pili wa simu uende sifuri.

Piga wimbo. Kwa sababu simu nyingi hutoa kilele kisichozidi sana volti 1, wanafunzi watasikia vipande tu: ngoma inagonga, mwimbaji hayupo. Wakipunguza simu kidogo, kimya. Waulize volti zimekwenda wapi kabla hujawaeleza chochote.

Sasa zima, tenganisha besi, weka daiodi mbili za 1N4007 mfululizo kati yake, zikielekea kutoka besi ya TIP41 kwenda besi ya TIP42. Weka rezista ya omu 1,000 kutoka chanya hadi besi ya juu, na nyingine kutoka besi ya chini hadi hasi. Ile kapasita ya simu ihamie katikati ya daiodi mbili. Hakikisha daiodi zimekaa vizuri kabla ya kuwasha, maana moja ikiachia unaweza kupoteza transista zote mbili. Washa bila muziki, pima volti juu ya rezista moja ya omu 1: milivolti unazosoma ndizo miliampea zinazopita. Ikizidi 50, badilisha zile rezista za omu 1,000 uweke za 1,500. Kisha piga wimbo ule ule kwa sauti ile ile ya simu. Mwimbaji amerudi, na hata ukipunguza mpaka sauti ya kunong'ona, maneno yanasikika.

Mwisho, mpe mwanafunzi mmoja kipande cha waya, azibe daiodi moja kwa sekunde chache huku wimbo ukiendelea. Darasa zima litasikia mkwaruzo ukirudi. Kuziba ni salama, kukata si salama. Waambie sababu ya yote mawili, na uwaache wachore wenyewe njia ya mkondo.